Insha ya tafakari isituzwe kwa machozi

MHADHIRI anayesahihisha insha za tafakari za walimu wanagenzi hukabiliwa na mtego: lugha tamu na kisa cha kusisimua hujifanya fikra.

Hatton na Smith, watafiti wa Australia, walipendekeza mwaka 1995 viwango vinne vya kupima kina: kusimulia tu, kusimulia na kutoa sababu, kujihoji kwa kupima maelezo mbadala, na kuhusisha tukio na hali pana ya jamii.

Chukua wanagenzi wawili waliofundisha hesabu za sehemu. Wa kwanza anaeleza kwa ufasaha jinsi mwanafunzi alivyoangua kilio, darasa zima likamfariji. Wa pili, kwa sentensi za kukwaruza, anasema wanafunzi walijumlisha nusu na thuluthi wakapata mbili kwa tano. Anajiuliza iwapo walipotoshwa na mfano wake wa vipande vya chungwa, au hawakuelewa lugha yake. Kesho atawapa karatasi za kukunja ili abainishe.

Wa kwanza amesalia kiwango cha kwanza. Wa pili amefika cha tatu. Alama 20 zikigawanywa 16 za kina na 4 za lugha, wa kwanza atapata 4 na 4, jumla 8. Wa pili 12 na 2, jumla 14.

Kipimo ni hiki: sentensi za tukio na hisia zikiondolewa, fikra gani inabaki? Hata hivyo, kiwango cha nne kisilazimishwe kwa kila somo, la sivyo wanagenzi watabuni mahubiri.