Uliomba mega 20, ankara inasema 40

Mteja mmoja, tuseme anaishi Dar es Salaam, aliomba intaneti ya nyumbani ya Mbps 20 kwa shilingi 70,000 kwa mwezi, kodi ikiwemo. Ankara ya mwezi wa tatu ikaja na Mbps 40, shilingi 100,000. Wengi hapo hupiga simu huduma kwa wateja, wakaambiwa "tunalifuatilia", na mwezi unaofuata deni limeongezeka. Simu ipigwe, ndiyo, ila kinachobaki kwenye faili ni barua.

Kabla ya kuiandika, soma ankara mstari kwa mstari. Kama ingekuwa shilingi 82,600 na jina la kifurushi ni lilelile, hiyo ni 70,000 na VAT ya asilimia 18 juu yake. Swali lingekuwa iwapo bei uliyopewa ilijumuisha kodi. Pengine ofa ya miezi ya mwanzo imekwisha. Hapa jina lenyewe la kifurushi limebadilika, na hiyo ndiyo hoja.

Ushahidi wake ni fomu ya maombi aliyosaini, ujumbe wa kuthibitisha usajili na ankara mbili za nyuma. Kupima kasi kwa simu hakutamsaidia sana: Wi-Fi ya chumba cha nyuma inaweza kuonyesha mega 15 hata kama laini ni ya 40. Akipata 38 ndiyo kabisa, ataambiwa ameitumia.

Barua haihitaji kurasa mbili:

"YAH: KUPINGA ANKARA YA MWEZI MACHI, AKAUNTI NAMBA …

Niliomba kifurushi cha Mbps 20 kwa Sh 70,000. Ankara hii inanitoza Sh 100,000 kwa Mbps 40. Sikuomba kupandishwa. Naomba mnionyeshe ombi la mabadiliko hayo: tarehe, njia lililopitia na aliyelitoa. Kama halipo, nirudisheni kwenye kifurushi chango cha awali na mfute Sh 30,000 zilizozidi. Sh 70,000 nisizozipinga nimelipa, risiti imeambatishwa. Naomba huduma isikatwe wakati shauri hili likiendelea."

Uzito wote uko kwenye lile ombi la mabadiliko. Mtoa huduma akilileta, mteja ataona kama ni mtu wa nyumbani aliyebonyeza kukubali ofa. Asipolileta, hana pa kusimamia. Kulipa 70,000 nako kunamwondolea sifa ya mdaiwa sugu, ingawa mfumo wa malipo unaweza kukata laini wenyewe kwa kuona salio, kwa hiyo ombi la kutokukatwa lisisahauliwe.

Barua ipelekwe ofisini kwa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na irudi nyumbani. Ikitumwa kwa baruapepe, idai namba ya malalamiko. Majibu yasiporidhisha, au yasipokuja kabisa, shauri linapelekwa TCRA, na huko swali la kwanza ni kama ulianza kwa mtoa huduma mwenyewe. Nakala yenye muhuri ndiyo jibu.