Mikopo Inapokua kwenye Mizania: Barua kwa Mjumbe Mpya wa Bodi

Ndugu Mjumbe,

Kabla ya kikao cha kupitisha hesabu za SACCOS yetu, nakuomba usiishie kwenye mizania. Fungua kurasa za nyuma, utafute maelezo ya mikopo kwa wanachama. Huko ndiko bodi inakoona kama ziada ipo kweli.

Chukua hesabu za mfano. Mizania inaonyesha mikopo imepanda kutoka shilingi milioni 895 hadi milioni 950. Inapendeza, lakini hicho ni kiasi kilichobaki baada ya kutoa tengo la hasara, yaani fedha tunazokadiria hazitarudi. Mwaka huu mikopo yote ni milioni 990 na tengo ni milioni 40.

Maelezo yanaigawa mikopo hiyo katika hatua tatu, kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha IFRS 9, kilichoanza kutumika Januari 2018. Hatua ya kwanza ni mikopo inayolipwa vizuri. Marejesho yakichelewa zaidi ya siku 30, kwa kawaida mkopo huhamia ya pili. Yakipita siku 90 huingia ya tatu, ambayo ndiyo mikopo chechefu. Katika mfano wetu mikopo chechefu imetoka milioni 40 hadi milioni 80.

Sasa angalia tengo lake. Mwaka jana, kwa ile milioni 40, zilitengwa milioni 30, sawa na asilimia 75. Mwaka huu, kwa milioni 80, zimetengwa milioni 32 tu, asilimia 40. Kama kiwango cha mwaka jana kingebaki, zingehitajika milioni 60. Pengo la milioni 28 lingeingia kwenye gharama, na ziada ya milioni 35 ingeshuka hadi milioni 7. Ndiyo ziada hiyohiyo tunayotaka kuitolea gawio!

Huenda sababu ipo. Mikopo mipya iliyochechemea inaweza kuwa na dhamana nzuri kuliko ya zamani. Basi uliza dhamana hizo ni zipi, nani alizithamini na lini, na kama zina hati. Nyumba isiyouzika haipunguzi hasara, hata ithaminiwe vipi.

Uliza pia kuhusu mikopo iliyopangwa upya. Mdaiwa aliyeshindwa akiongezewa muda, siku za ucheleweshaji huanza kuhesabiwa upya, na mkopo waweza kurudishwa hatua ya kwanza kabla hajalipa hata rejesho moja. Mimi naona hapo ndipo hesabu nyingi za vyama zinapopambwa, kwa kuwa hakuna tarakimu ya uongo, ni tarehe tu zimesogezwa.

Orodha ya mikopo hiyo ninayo, ikiwa na tarehe za mwanzo za mikataba. Iombe kikaoni mbele ya mkaguzi wa nje, kabla hatujafika kwenye ajenda ya gawio.

Wako,
Meneja Fedha