Shule Ikifungwa kwa Mafuriko

Tangazo la kufunga shule baada ya mafuriko humweleza mzazi sababu, muda, na kazi ya mtoto nyumbani. Muda ndio mgumu kuukadiria. Nchini Kenya, muhula wa pili wa 2024 ulipangwa kuanza Aprili 29. Ukasogezwa hadi Mei 6, ukaahirishwa tena bila tarehe, na hatimaye shule zikafunguliwa Mei 13. Mvua kukatika hakutoshi. Choo cha shimo kikifurika, uchafu unaweza kuingia kisimani, na huenda madarasa bado yanahifadhi familia zilizohama.

Kazi nzuri ya nyumbani haihitaji intaneti wala umeme. Mvua yenyewe ni somo. Kopo lenye kuta zilizonyooka, lisilopanuka juu wala chini, huwekwa mahali pa wazi, mbali na miti na michirizi ya paa. Kila siku saa 3 asubuhi mtoto hupima kina cha maji kwa rula, huandika milimita, kisha humwaga. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi paa linalofunika mita 5 kwa 4 likinyeshewa milimita 30 hupokea lita 600, yaani madumu 30 ya lita 20. Wadogo wanaweza kuhesabu madumu tu. Siku kopo likijaa hadi kumwagika, kipimo chake hakifai, nayo huandikwa hivyo daftarini. Maji ya mafuriko hayachotwi kwa zoezi lolote, kwani hubeba kinyesi.