Mwezi Mmoja Si Siku 30

Mzee aliyealikwa na chama cha wafanyabiashara wa soko kuzungumza na wanachama alifanya kazi ya masjala miaka mingi kabla ya kustaafu. Hakuja na hotuba. Alikuja na kaunta buku, kalamu na barua moja ya mfano: hati ya makadirio ya kodi kutoka TRA.

"Tuseme barua hii imeandikwa tarehe 3 Machi," alisema. "Kijana wa dukani kwako kaipokea tarehe 6. Mwisho wa kupinga ni lini?"

Mama mmoja muuza vitenge alijibu upesi kwamba ni tarehe 6 Aprili, mwezi mmoja kamili.

"Umechelewa siku moja, mama."

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inampa anayepinga makadirio siku 30 tangu alipofikishiwa uamuzi. Siku ya kupokea yenyewe haihesabiwi, kwa hiyo siku ya kwanza ni tarehe 7 Machi. Machi ina siku 31, na hadi iishe zimekwisha 25. Zilizobaki 5 zinaishia tarehe 5 Aprili. Barua ikipokelewa Februari hesabu inageuka tena, ndiyo maana mzee alisisitiza kuhesabu kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani.

Hapo ndipo kaunta buku linapofanya kazi. Barua ikifika tu, kabla ya kuulizana ni ya nini, inaandikwa: tarehe iliyo juu yake, tarehe iliyopokelewa, jina la aliyepokea, Kumb. Na., inataka nini, na siku ya mwisho. Mzee aliongeza safu ambayo wengi huisahau, siku ya kuanza kushughulika, ambayo kwake ni siku 10 kabla ya mwisho. Bahasha nayo haitupwi. Hubanwa pamoja na barua, kwa kuwa mhuri wa posta unaweza kuonyesha kwamba barua ya tarehe 3 haikufika tarehe 3. Barua za halmashauri kuhusu pango la kizimba zinaingia humo humo, ila siku zake husomwa ndani ya barua yenyewe.

Je, jibu liandikwe nini? Mzee alichukua mfano wa mfanyabiashara aliyekadiriwa kodi ya shilingi 1,200,000 kwa sababu mauzo yake yalipimwa msimu wa Idi, kisha yakachukuliwa kuwa ndiyo ya mwaka mzima. Kuandika "kodi ni kubwa mno, naomba mnihurumie" hakutoshi. Hilo ni ombi la huruma, na pingamizi linataka sababu. Barua itaje namba ya makadirio, ieleze kosa liko wapi, na iambatishe daftari la mauzo ya miezi mikavu, risiti za manunuzi na taarifa za benki au za simu.

Kisha kuna fedha, na hapa ukumbi ulinung'unika. Pingamizi halipokelewi mpaka mlalamikaji alipe theluthi moja ya kodi aliyokadiriwa au kiasi asichokibishia, chochote kilicho kikubwa zaidi. Theluthi ya 1,200,000 ni 400,000. Mfanyabiashara akikubali kwamba anadaiwa 300,000, atalipa 400,000. Akikubali 500,000, atalipa hizo 500,000. Anayeshindwa anaweza kumwomba Kamishna Mkuu kwa maandishi, akieleza sababu, apunguziwe au asamehewe malipo hayo ya awali. Ombi hilo lipelekwe siku za mwanzo. Likisubiri wiki ya mwisho, jibu lake laweza kukuta siku 30 zimeshakwisha.

Kwa anayepeleka kwa mkono, barua inachapwa nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili inarudi na mhuri wa kupokelewa na tarehe, nayo inabanwa pamoja na ile bahasha. Kijana mmoja aliuliza kama kumpigia ofisa simu hakutoshi. Mzee alicheka. Simu, alisema, haina mhuri. Na jibu la Kamishna likija halikuridhishi, nalo linaingia daftarini upya, maana kusudio la kukata rufaa kwenye Bodi ya Rufani za Kodi lina siku zake 30 nyingine.

Swali lililochukua muda mrefu kuliko yote lilihusu barua ambazo hazifiki kabisa. Wengi walichukuliwa TIN na vishoka, na kishoka aliandika namba yake ya simu na barua pepe yake. Taarifa zinazotumwa kwa mtandao zinamwendea yeye, na siku zinaweza kuanza kuhesabiwa huku mwenye duka hana habari. Mimi naliona hili kuwa kubwa kuliko daftari lenyewe. Mzee aliwataka waende ofisi ya TRA ya eneo lao na kitambulisho cha NIDA, waulize ni namba gani iliyosajiliwa, na kama si yao waibadilishe siku hiyo hiyo.