Diski Imetoka, Lakini Imebana Neva Ipi?

Ripoti ya MRI ya kiuno ikisema diski ya L4-L5 imetoka, wengi hudhani neva iliyobanwa ni ya L4. Mara nyingi ni ya L5. Neva ya L4 huwa imeshatoka kwenye mfereji wa uti wa mgongo juu kidogo ya diski hiyo, ilhali ya L5 bado inashuka nyuma yake, ikielekea tundu lake la chini. Diski hiyo huiumiza neva ya L4 pale tu inapotokea pembeni kabisa, kwenye tundu lenyewe.

Tumchukue dereva wa lori mwenye maumivu yanayoanzia tako la kushoto, yakashuka upande wa nje wa mguu hadi juu ya unyayo. Kidole gumba hakinyanyuki vizuri. Hizo ni dalili za L5.

Daktari huanza na picha ya ubavuni ya aina ya T2, ambayo huonyesha maji kwa weupe. Diski yenye afya ina kiini cheupe. Ya dereva huyu ni nyeusi. Weusi huo pekee unasema diski imekauka, basi. Kinachotafutwa ni ukingo wake wa nyuma: hapa kuna kinundu kilichosukuma mfuko mweupe wa maji ya uti wa mgongo, tena kichwa chake ni kipana kuliko shina. Umbo hilo ni la diski iliyopasuka na kutoka, si iliyotuna tu.

Kisha hutazamwa picha za mkato wa kukingama, ambamo kushoto kwa mgonjwa huonekana kulia kwa picha. Kwenye T1, mafuta ni meupe. Upande mzima, neva ya L5 ni kidoa cha kijivu kilichozungukwa na mafuta. Upande unaouma mafuta yamepotea, na neva imesukumwa nyuma na kubonyea. Kugusana na diski ni jambo dogo. Kusukumwa ni zaidi. Kubonyea ndiko kubanwa kwenyewe.

Hapo picha na mguu vinasema jambo moja. Visipoafikiana, mimi ningeuamini mguu. Mwaka 1994 Maureen Jensen na wenzake waliwapiga MRI watu 98 wasio na maumivu ya mgongo: 52 kati ya kila 100 walikuwa na diski iliyotuna na 27 iliyochomoza, ila iliyotoka kabisa, kama ya dereva wetu, ilionekana kwa mmoja tu kati ya kila 100. Nayo iliyotoka hivyo mara nyingi husinyaa yenyewe baada ya miezi kadhaa, kwa hiyo si kila picha ya kutisha inadai kisu.

Lakini ukiona ganzi sehemu za siri, mkojo umeziba au haja inatoka bila kujijua, usingoje miadi ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo.