Shilingi Moja ya Mradi Imezaa Ngapi?

Siku ya mgao, sanduku lenye kufuli tatu hufunguliwa na kila mwanamke huondoka na akiba yake pamoja na ziada. Jioni hiyo ofisa wa mradi huandika: tumetumia 1,500,000 kukifundisha kikundi, wanawake wamegawana 6,875,000, basi kila shilingi yetu imezaa zaidi ya nne.

Hesabu hiyo haifai. Katika kikundi hiki cha mfano wanachama ni 25, na kila mmoja aliweka 5,000 kwa wiki 50. Hizo ni 6,250,000, na zote ni jasho lao. Zile 625,000 za ziada ni riba waliyolipana wenyewe kwa wenyewe. Mradi haukuwapa hata senti.

Kupima faida ya kijamii ya uwekezaji ni kuuliza nini kimebadilika maishani ambacho bila mradi kisingebadilika, kisha kukitafutia bei. Waulize wanawake wenyewe. Kumi watakwambia wameachana na kausha damu, waliyekuwa wakikopa kwake 200,000 mara tatu kwa mwaka na kumlipa riba ya 60,000 kila mara. Bei hapa haihitaji kubuniwa: ni riba isiyolipwa tena, 1,800,000 kwa wote kumi.

Sasa punguza. Kijiji jirani kisicho na kikundi kinaonyesha kwamba watatu kati ya kumi wangeachana naye hata hivyo; inabaki 1,260,000. Robo ya mabadiliko imeletwa na mradi mwingine, inabaki 945,000. Mwaka wa pili na wa tatu wengine watarudia mkopo wa zamani, kwa hiyo tupunguze moja ya tano kila mwaka: 756,000, kisha 604,800. Jumla ni 2,305,800. Shilingi moja imezaa moja na nusu hivi.

Wapo watakaotaka kuongeza ada za shule na faida ya genge. Lakini ada imelipwa kwa faida ya genge, na genge limekuzwa kwa fedha iliyookolewa kwa kausha damu. Ni fedha moja inayohesabiwa mara tatu. Utafiti uliofanywa Ghana, Malawi na Uganda, uliochapishwa 2017, uliona wanawake wakipata nguvu zaidi katika maamuzi, lakini haukuona matumizi ya kaya yakipanda kwa wastani.

Nguvu hiyo ndiyo ngumu kuitia bei. Wengine huchukua gharama ya semina ya kujiamini hotelini, kitu ambacho mama wa kijijini hakijui wala hakitaki. Afadhali umwekee picha za mbuzi, cherehani na bati, umwombe apange “kuwa na fedha bila kumwomba mume” panapostahili kati yake. Na umuulize pia kama mume amepunguza fedha ya matumizi tangu ajiunge. Akisema ndiyo, kiasi hicho kitolewe katika faida.