Mume wa "Hakuna Shida"

Mke anamwuliza mumewe kama mdogo wake wa kiume anaweza kuja kukaa nao mjini huku akitafuta kazi. "Hakuna shida," anajibu mume. Moyoni anajua nyumba ina vyumba viwili tu na watoto watahamia sebuleni, lakini hasemi. Anaulizwa Idi wasafiri kwenda kwa nani. "Popote utakapo wewe." Shule ya mtoto, ambayo ada yake anaiona kubwa mno? "Sawa tu."

Miezi inapita. Jumapili moja anarudi na kumkuta shemeji amekaa kwenye kiti chake, anachaji simu, na mezani kuna dagaa kwa mara ya tatu wiki hiyo. Anasukuma sahani na kufoka: "Katika nyumba hii mimi ni nani? Nalipa ada ya shule nisiyoitaka, watoto wangu wanalala chini, Idi ya pili hii sijamwona mama yangu!" Mke anaduwaa. Kila jambo alilotajiwa alikuwa ameuliza, na kila mara aliambiwa sawa.

Nimeutunga mfano huu, lakini ndoa za namna hii ni nyingi, na mara nyingi anayenyamaza ni mke. Ugumu wake ni kwamba wote wawili wanasema kweli: mume ameumia, na mke hakuambiwa.

Wengi wa watu hawa walikulia penye hasira za baba au kununa kwa mama, wakajifunza mapema kusoma sura za wakubwa na kuficha walichokitaka. Mtu akiwa mzima, kila anaposema "sawa" hofu inatulia papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayoikomaza tabia. Wakati huohuo anaandika deni kimoyomoyo: nimempa hili na lile, yeye atanipa lini? Mwenzake hawezi kulipa deni ambalo hajawahi kuonyeshwa.

Dalili huonekana mapema. Jibu linatoka kabla swali halijaisha. Vyombo vinawekwa kwa kishindo. Ukiuliza kuna nini, unaambiwa "nimechoka tu."

Kinachofuata baada ya mlipuko ndicho kibaya zaidi. Mume anaona aibu, anaomba radhi kwa yote, hata kwa madai yake ya haki, na kesho yake anakuwa mpole kuliko jana. Amejiaminisha kwamba kusema huleta balaa, na mlipuko wake mwenyewe ndio ushahidi.

Ukimya huo una gharama hata mwilini. Utafiti wa Framingham, Marekani, uliochapishwa mwaka 2007, uliwafuatilia watu kwa miaka 10. Wanawake waliokuwa wakinyamaza wanapogombana na waume zao walikuwa na hatari ya kufa mara 4 kuliko waliosema. Kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana. Utafiti wa aina hii hauthibitishi kwamba ukimya ndio uliowaua, lakini ni onyo zito.

Wakati wa kufoka kwenyewe hakuna suluhu itakayopatikana. Mwanasaikolojia John Gottman, aliyechunguza wanandoa kwa miaka mingi, anaeleza kwamba moyo ukipita mapigo 100 hivi kwa dakika katika ugomvi, mtu hasikilizi tena vizuri. Anashauri kupumzika angalau dakika 20, kisha kurudi kwenye mazungumzo. Kurudi ni lazima, la sivyo ni ukimya uleule.

Wanaporudi, wachukue dai moja tu na walimalize. Hapa ningeanza na shemeji. Mume aseme: "Nilikubali haraka. Nimefikiri, naomba akae mpaka mwisho wa mwezi ujao, kisha tumsaidie kupanga chumba." Ni ombi lenye tarehe, na mke anaweza kulijadili. Mambo ya shule na Idi yangoje siku yake.

Siku za kawaida ajizoeze kwa vitu vidogo: leo nataka wali, leo sitoki. Kwa jambo kubwa aseme, "Nipe mpaka kesho nikujibu," maana "sawa" ya haraka ndiyo inayomponza.

Mke naye aache kuuliza "unataka nini?" Ampe machaguo mawili ya kweli, kisha anyamaze asubiri. "Hapana" ya kwanza huenda ikatoka kwa ukali, kwa sababu haijazoewa. Ikipokelewa kwa kununa, huenda isirudi tena.

Ushauri huu wote ni wa nyumba ambayo ugomvi huishia kwenye maneno. Kama unanyamaza kwa kuogopa kipigo, ukimya wako ni kinga, wala usijaribu "hapana" ya mazoezi. Zungumza na mtu unayemwamini, ofisi ya ustawi wa jamii, au, kama uko Tanzania, Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.